Kura zilezile, washindi watatu: uchaguzi wa darasani unavyofafanua uamuzi wa kidemokrasia

Kila msimu wa uchaguzi, vijiweni na kwenye daladala huzuka swali lilelile: "Mbona Kenya wanasema nusu ya kura jumlisha moja, na kwetu hatusikii habari hiyo?" Mmoja atajibu kwa uhakika kwamba hata Tanzania rais lazima avuke nusu. Mwingine atakataa, wa tatu atasema yote ni mamoja kwa kuwa mwenye kura nyingi ndiye mshindi, basi. Ubishi unaisha abiria anaposhuka, na hakuna aliyepata jibu.

Jibu la kisheria ni fupi. Ibara ya 41 ya Katiba ya Tanzania inasema mgombea urais hutangazwa mshindi akipata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote. Hata akipata asilimia 38, ilimradi hakuna aliyemzidi, ameshinda. Haikuwa hivyo tangu mwanzo wa vyama vingi: sharti la kuvuka nusu lilikuwepo, likaondolewa na mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000. Kenya ilikwenda upande wa pili. Katiba yake ya 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Asipofikisha mtu, wawili wa juu wanarudi kwa wananchi.

Kwa hiyo wawili wa kwanza kwenye daladala wamesema kweli, ila kila mmoja kasimama kwenye wakati tofauti: wa kwanza kabla ya mabadiliko ya 2000, wa pili baada yake. Wa tatu ndiye aliyekosea, na kosa lake ndilo gumu kung'oa. Anaamini kura zenyewe hutaja mshindi. Kura hazitaji mshindi. Zinahesabiwa kwa kanuni fulani, na kanuni ndiyo inayomtaja.

Ukitaka jambo hilo likae kichwani mwa mtoto wa darasa la sita au wa kidato cha kwanza, kumsomea ibara hakutoshi. Mpe karatasi apige kura, ahesabu mwenyewe, aone. Andalio la somo ninalolieleza hapa linachukua vipindi viwili vinavyofuatana, dakika 80 kwa jumla, na zana zake zinapatikana katika shule yoyote: daftari moja la kukatwa, boksi la katoni, kalamu ya wino, ubao na chaki.

Maneno machache kwanza, maana bila hayo somo litayumba. Kura ni tamko la mtu mmoja kuhusu anachokitaka. Kanuni ya ushindi ni njia mliyokubaliana ya kugeuza matamko mengi kuwa uamuzi mmoja. Wingi wa kura ni kuwa na kura kuliko kila mshindani, hata kama hujafika nusu. Zaidi ya nusu ni kuwa na kura kuliko washindani wote ukiwajumlisha pamoja. Wanafunzi wengi, na watu wazima wengi, huchanganya hayo mawili ya mwisho. Yaandike kona ya ubao na usiyafute mpaka kengele ilie.

Somo linaanza kwa kitu ambacho Wakenya waliokuwa watu wazima mwaka 1988 hawahitaji kuelezwa: mlolongo. Mwaka ule chama cha KANU kiliteua wagombea wake wa ubunge kwa kuwapanga wapiga kura foleni nyuma ya mgombea au picha yake, mchana kweupe. Aliyepata asilimia 70 au zaidi kwenye foleni alipita moja kwa moja, bila kwenda kwenye kura ya siri. Kulikuwa na malalamiko mengi kwamba mahali pengine mwenye foleni fupi ndiye aliyetangazwa, na kwa kuwa foleni ikishatawanyika haina karatasi ya kuhesabiwa tena, hakukuwa na cha kuonyesha. Baada ya miaka michache utaratibu huo uliachwa.

Darasani unaufanya kwa dakika chache. Uliza swali linalowagusa wanafunzi na kukugusa wewe mwalimu pia, kwa mfano: "Masomo ya ziada ya Jumamosi yaendelee au yakome?" Wanaotaka yaendelee wapange mstari dirishani, wanaotaka yakome wapange mlangoni. Wewe simama katikati, mikono nyuma, uwatazame. Andika hesabu ubaoni. Kisha gawa vikaratasi, wajibu swali lilelile kwa siri, vikunjwe, vikusanywe na mwanafunzi mmoja, visomwe kwa sauti. Mara nyingi namba mbili hizo hazifanani, na darasa litacheka kabla hujasema neno. Zikifanana usiwe na shaka, somo halijaharibika. Uliza tu nani alitazama rafiki yake yuko mstari gani kabla ya kujipanga, nao watakuambia.

Hapo unaweza kuondoa dhana moja potofu iliyozoeleka, kwamba kura ya siri ni ya mwenye la kuficha. Anayeficha kura hajifichi kwa kuwa ni mwoga. Ni kwamba aliye juu yake, awe mwalimu, kiranja, mume, mwajiri au mwenye nyumba, anaweza kumlipa mema au mabaya kwa alichochagua. Siri inamkinga. Na kuna faida ya pili isiyotajwa sana: mnunuzi wa kura hawezi kuhakikisha kwamba mzigo aliolipia amepewa.

Sasa uchaguzi wenyewe. Nashauri wanafunzi wasipigie kura watu, angalau si mara ya kwanza. Mkichagua monita, kura zitafuata urafiki, mtaa, na nani ana sauti kubwa, na mtoto atakayepata kura tatu atakwenda nazo nyumbani. Badala yake wapigie kura jambo. Tuseme darasa limepata shilingi 120,000 kutokana na mchicha wa bustani ya shule, na fedha inatosha kununua kimoja tu kati ya vitatu: mpira na nyavu, sanduku la vitabu vya hadithi, au ndoo kubwa za maji ya kunywa zenye koki. Wanafunzi watatu watakuwa wapiga debe wa hoja hizo, kila mmoja na dakika moja ya kampeni. Inatosha. Kampeni ndefu zitakula muda wa kuhesabu, na kuhesabu ndiko kwenye kiini.

Darasa letu la mfano lina wanafunzi 52. Saba wanakuwa maofisa: watatu tume, watatu mawakala wa hoja, mmoja mwangalizi ambaye kazi yake ni kuandika kila asichokielewa. Wanabaki wapiga kura 45. Kila mmoja anapewa kadi inayomweleza yeye ni nani katika igizo hili na mpangilio wake wa chaguo, la kwanza hadi la tatu. Kadi 18 zinasema: unapenda michezo, baada ya mpira unataka maji, vitabu viwe mwisho. Kadi 15 zinasema: nyumbani kwenu hakuna kitabu, unataka vitabu, kisha maji, mpira mwisho. Kadi 12 zinasema: unatembea mbali kuja shule na unafika na kiu, unataka maji, kisha vitabu, mpira mwisho.

Kwa nini kadi, na si maoni yao halisi? Kwa sababu maoni halisi hayatabiriki, na huenda siku hiyo robo tatu ya darasa wakataka mpira. Jambo likiwa na wafuasi wengi hivyo, njia nyingi za kuhesabu zitampa mshindi yuleyule na kisichoonekana hakitaonekana. Kadi zinakuhakikishia mfano. Kura ya kweli ije wiki ijayo, wakishajua cha kutazama. Darasa lako likiwa na idadi tofauti, shika uwiano wa 6 kwa 5 kwa 4: wapiga kura 30 ni kadi 12, 10 na 8, wapiga kura 90 ni 36, 30 na 24. Wanaozidi wape kazi kwenye tume.

Upigaji kura ufuate hatua halisi, kwa sababu kila hatua ina sababu yake na wanafunzi wataiuliza. Tume ina daftari la wapiga kura, yaani orodha ya majina 45. Mwanafunzi anafika, jina linatafutwa, linawekewa alama, anapewa karatasi moja yenye maneno matatu: Mpira, Vitabu, Maji. Anaingia kwenye kituturi, ambacho ni katoni lililofunguliwa na kusimamishwa juu ya dawati pembeni, anaandika 1, 2 na 3 kufuata kadi yake, anakunja, anatumbukiza, anatiwa nukta ya wino kwenye kidole kidogo. Daftari moja la kawaida ukilichana na kukata kila ukurasa vipande vinne, kurasa 12 zinakutosha na kubaki. Kabla ya kura ya kwanza sanduku liinuliwe na kupinduliwa mbele ya wote, waone halina kitu.

Kabla ya kusoma hata kura moja, tume ihesabu vitu viwili: karatasi zilizomo sandukuni na majina yaliyowekewa alama kwenye daftari. Namba hizo lazima zilingane. Zikiwa 46 kwa 45, kuna aliyetumbukiza mbili. Zikiwa 44, kuna aliyeondoka na karatasi mfukoni, na hilo si dogo, maana karatasi tupu iliyotoka nje inaweza kujazwa na mtu mwingine na kurudi. Mara nyingine katika mazoezi kama haya ni mtoto aliyeipenda tu karatasi yake. Chochote kilichotokea, waulize kanuni inasemaje. Kama hamkuwa na kanuni, waache wagombane kidogo. Wataona wenyewe jinsi kila mmoja anavyopendekeza suluhisho linalomfaa.

Kura zilizoharibika zitakuwepo. Mmoja ataandika 1 mara mbili, mwingine ataweka tiki kwenye mpira na kuacha pengine patupu. Ya kwanza haisemeki anataka nini. Ya pili inasomeka vizuri kwa chaguo la kwanza, ila haitusaidii kwa la pili na la tatu. Je, ihesabiwe nusu? Hapa kisa cha kweli kinasaidia. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi Kenya kwa asilimia 50.07, na sehemu ya kesi iliyofika Mahakama ya Juu ilihusu swali hilihili: unapotafuta nusu, kura zilizokataliwa zimo kwenye jumla au hazimo? Mahakama ilisema hazimo. Pale ushindi unapokaa kwenye makali ya wembe, swali la nini kigawanywe kwa nini linaweza kuamua kama kuna duru ya pili. Kwa darasa, ili tusonge mbele, karatasi iliyoharibika irudishwe kwa mwenye kadi ya aina hiyo aijaze upya. Katika uchaguzi wa kweli hilo haliwezekani, na waambie hivyo.

Sasa chaki. Msimamizi anafungua karatasi moja moja, anaionyesha kwa mawakala, anasoma kwa sauti, karani anachora vijiti vitanovitano ubaoni. Darasa linahesabu kura hizohizo mara tatu.

Mara ya kwanza, kwa kanuni ya wingi wa kura. Tunatazama namba 1 peke yake. Mpira 18, vitabu 15, maji 12. Mpira umeshinda kwa asilimia 40. Wenye kadi za mpira watapiga kelele, waache washangilie. Kisha uliza: "Ni wangapi wameuweka mpira wa mwisho kabisa?" Mikono 27 itainuka. Zaidi ya nusu ya darasa limeletewa kile walichokitaka kidogo kuliko vyote, na hakuna aliyeiba hata kura moja.

Mara ya pili, kwa kanuni ya zaidi ya nusu. Nusu ya 45 ni 22 na nusu, hivyo zinahitajika kura 23, na hakuna aliyezifikia. Maji, yaliyoshika mkia, yanatoka. Karatasi 12 za maji zinasomwa tena kwenye namba 2: zote ni vitabu. Duru ya pili inasema vitabu 27, mpira 18. Vitabu vimeshinda kwa asilimia 60. Waliokuwa wanashangilia wamenyamaza.

Mara ya tatu, kwa alama. Namba 1 inapata alama 2, namba 2 inapata alama 1, namba 3 haipati kitu. Mpira: 18 mara 2, alama 36. Vitabu: 15 mara 2 ni 30, ongeza 12 za waliovipa nafasi ya pili, alama 42. Maji: 12 mara 2 ni 24, ongeza 18 za wapenda mpira na 15 za wapenda vitabu, alama 57. Jumla zote ni 135, sawa na 45 mara 3, kwa hiyo hesabu imekaa. Maji yameshinda, yaleyale yaliyotolewa dakika tano zilizopita kwa kushika mkia.

Mwanafunzi mkali atasema alama ni mchezo wa namba tu. Mjibu kwa kushindanisha mawili mawili. Maji na mpira tu: maji 27, mpira 18. Maji na vitabu tu: maji 30, vitabu 15. Maji yanamshinda kila mmoja uso kwa uso. Hayakuwa kipenzi cha kwanza cha wengi, lakini hakuna hata mmoja aliyeyaweka mwisho.

Kura ni zilezile 45, hakuna iliyobadilishwa, na washindi ni watatu. Darasa likishindwa kuamini, wakumbushe soka: bingwa wa ligi na bingwa wa kombe la mtoano wanaweza kuwa timu mbili tofauti msimu uleule, na hakuna anayesema mmoja kaiba. Ligi inatuza anayekusanya pointi mwaka mzima, mtoano unamtuza asiyepoteza siku hiyo. Ila kila timu ilijua kabla ya mechi ya kwanza inacheza mashindano gani.

Kuna haja ya tahadhari hapa, kwa sababu ndipo somo hili linapotumiwa vibaya. Mtu anaweza kutoka akisema, "Kumbe uchaguzi wowote unaweza kupinduliwa kwa hesabu." Sivyo. Chukua Kenya mwaka 1992. Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36, huku Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga wakigawana karibu kura zote zilizobaki. Wengi husema kwa uhakika kwamba kungekuwa na duru ya pili Moi angeanguka. Inawezekana. Lakini karatasi za 1992 hazikuuliza chaguo la pili, na aliyempa Matiba kura hakuandika popote angemfuata nani. Kwenye darasa letu tunajua kwa kuwa tuliuliza. Karatasi inayouliza jina moja inatupa jibu la swali hilo moja tu, mengine ni kubashiri.

Baada ya hesabu ndipo maswali tafakuri, na hapa ndipo maandalio mengi huishia hewani. Swali la "Mmejifunza nini?" linaleta jibu moja tu, "Tumejifunza umuhimu wa demokrasia", na mtoto anakaa chini akiwa hajafikiri lolote. Swali zuri linamlazimisha arudi kwenye namba za ubaoni. Nina manne ninayoyaamini, na dakika 20 zinayatosha kwa shida.

La kwanza: "Kwa kadi uliyonayo, ungependa kanuni ipi kati ya hizi tatu? Na kama kesho ungepewa kadi nyingine?" Kwa kawaida wa mpira watatetea wingi wa kura, wa vitabu watatetea duru ya pili, wa maji watatetea alama, na kila upande utaleta hoja nzuri ya haki. Andika ubaoni kila hoja na aina ya kadi ya aliyeitoa. Hawatachukua muda kugundua kwamba hoja zinafuata kadi. Ndipo unauliza kanuni ichaguliwe lini, na wenyewe watasema: kabla ya kadi kugawiwa.

La pili: "Ungejua matokeo mapema, ungepiga kura tofauti na kadi yako?" Hili ni tamu, lipe muda. Chini ya wingi wa kura, wapenda maji wakijua hawana nafasi watahamia vitabu ili wauzuie mpira, 12 na 15 ni 27. Huo ndio mantiki wa ule usemi wa kutopoteza kura. Chini ya duru mbili, wapenda mpira ndio wenye ujanja: wanne kati yao wakiyapigia maji duru ya kwanza, maji yanakuwa 16, vitabu 15, mpira 14. Mpira unatoka, na duru ya pili maji yanavishinda vitabu kwa 30 dhidi ya 15. Wamekosa mpira lakini wamekwepa walichokitaka mwisho. Je, alama ni salama? Waambie wapenda vitabu wote 15 waongope, wayaweke maji mwisho ili kuyashusha, wapandishe mpira nafasi ya pili. Maji yanashuka hadi 42, vitabu vinabaki 42, mpira unapanda hadi 51. Mpira umeshinda! Walioongopa wamejiletea wenyewe kile walichokitaka mwisho. Kila kanuni ina mlango wa ujanja, na milango yenyewe haifanani.

La tatu: "Nani hakupiga kura lakini matokeo yatamfika?" Watataja mgonjwa aliyebaki nyumbani. Sukuma kidogo, watataja darasa la tano watakaorithi ndoo, mpishi wa shule atakayezijaza, na jirani ambaye mpira utavunja kioo chake. Usitafute jibu moja. Kinachotakiwa ni waone kwamba orodha ya wapiga kura nayo iliamuliwa na mtu, kabla ya kura.

La nne ni pendekezo zaidi ya swali. Simama useme: "Natoa hoja kwamba walioshindwa leo wafagie darasa wiki nzima. Tupige kura." Wengine watacheka na kunyoosha mikono haraka sana. Hesabu mikono, tangaza kuwa imepita, kisha uliza kama ni halali. Methali ya wengi wape itatajwa, na ni vizuri itajwe, kwa sababu ndiyo dhana potofu ya mwisho na yenye mizizi kuliko zote: kwamba wengi wakishakubali, limekwisha. Lipo tabaka la mambo ambayo kura haiyagusi. Katiba ya Tanzania ya 1977 iliongezewa sura ya haki za msingi mwaka 1984, na ibara ya 12 na 13 zinasema watu wote ni sawa na mbele ya sheria hakuna wa kubaguliwa. Wengi wanaweza kuamua fedha ya mchicha inunue nini. Hawawezi kuamua kwamba wasichana wasiuguse mpira, wala kwamba aliyeshindwa aadhibiwe kwa kushindwa.

Mwalimu awe mkweli kuhusu mipaka ya shule pia. Katika shule nyingi wagombea wa ukaka mkuu na udada mkuu huchujwa kwanza na walimu kwa maksi na nidhamu, na mshindi hupitishwa na mkuu wa shule. Sioni ubaya wa kuchuja, ubaya ni kuwaambia watoto kwamba wamechagua wenyewe kila kitu. Waeleze waziwazi: hapa mnaamua ninyi, hapa anaamua mwalimu, na sababu ni hii. Wanafunzi wanaigundua kura ya geresha haraka kuliko tunavyodhani, na wakishaigundua mara moja, zoezi linalofuata watalijaza utani.

Dakika tano za mwisho ni za kutoa kazi ya nyumbani, na ndiyo tathmini. Wape namba mpya. Wanafunzi 20 wanachagua mahali pa kwenda ziara. Kumi na mmoja wanasema Bagamoyo, kisha Mikumi, kisha Kilwa. Tisa wanasema Mikumi, kisha Kilwa, kisha Bagamoyo. Watafute mshindi kwa kanuni zote tatu, kisha waandike aya moja: wangeshauri kanuni ipi itumike, na kwa nini.

Kwa wingi wa kura ni Bagamoyo, 11 kwa 9. Kwa kanuni ya zaidi ya nusu ni Bagamoyo tena, asilimia 55, hakuna duru ya pili. Kwa alama, Bagamoyo ina 22, Mikumi 29, Kilwa 9, kwa hiyo Mikumi inashinda ingawa zaidi ya nusu ya darasa waliitaka Bagamoyo kwanza. Mwanafunzi anayesema "alama ndiyo bora daima" kwa sababu ya kisa cha maji ataingia mtegoni hapa, na afadhali aingie kwenye daftari kuliko kwenye kikao cha kijiji.

Katika kusahihisha, nusu ya maksi ziende kwenye hesabu na nusu kwenye aya. Aya ipate maksi kamili hata kama wewe hukubaliani na kanuni aliyoitetea, mradi ametaja kanuni hiyo inamwumiza nani. Katika mfano huu, anayetetea Bagamoyo aseme wazi kwamba wanafunzi tisa watapelekwa mahali walipopaweka mwisho, na anayetetea Mikumi aseme wazi kwamba 11 kati ya 20 wamenyimwa chaguo lao la kwanza. Aliyeandika kwamba kanuni yake haimwumizi mtu yeyote, mrudishie daftari arudie.